Kuchagua dawa ya minyoo na ya kupe kwa kusoma kilicho ndani ya chupa

Mfugaji wa Kisauni au Mtongwe akikwambia amebadilisha dawa ya minyoo, mara nyingi amebadilisha chupa tu. Ya kwanza ilikuwa na picha ya mbuzi, ya pili ina picha ya ng'ombe, ya tatu kifuniko chake ni chekundu, na zote tatu ndani ni albendazoli. Mnyoo aliyeishinda ya kwanza hana sababu ya kuiogopa ya tatu. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uingie agroveti ukijua kemikali unayoitaka, nguvu yake na namna ya kumpima anayekuuzia. Nitakaa zaidi kwenye minyoo ya mbuzi, maana ndiko mifugo mingi hapa mjini Mombasa inakopotelea, kisha nigeukie kupe.

Hatua ya 1: Jua unamtibu nani kabla ya kutoka nyumbani

Mnyoo anayeua mbuzi wengi wa Pwani ni mnyonya damu anayekaa kwenye tumbo la nne. Joto letu na unyevu vinampenda. Wiki chache baada ya masika ya Aprili hadi Juni, na tena baada ya vuli, mayai yaliyodondoka na kinyesi huwa yameshaanguliwa na vijana wake wamepanda kwenye majani. Huyu haleti kuhara sana. Huleta upungufu wa damu.

Kwa hiyo usianze na kinyesi, anza na jicho. Mshike mbuzi kwenye mwanga wa jua, bonyeza kope ya juu taratibu kwa kidole gumba, na kwa kidole gumba cha pili vuta ya chini ionekane ndani. Rangi nyekundu au ya waridi iliyokolea ni nzuri. Waridi iliyofifia ni ya kuangaliwa. Nyeupe kama karatasi ni hatari, na mbuzi huyo anataka dawa leo. Halafu pitisha mkono chini ya taya: ukikuta uvimbe laini wa majimaji unaojaa jioni akitoka malishoni na kupungua asubuhi, damu imeshapungua sana.

Usiwape dawa wote. Wape waliopauka, waliovimba taya na waliokonda, wenye macho mekundu uwaache. Wafugaji wengi hawalipendi neno hili, lakini lina sababu. Minyoo ndani ya mbuzi waliobaki haijaguswa na dawa, na mayai yao yanachanganyika malishoni na yale ya minyoo sugu. Ukiwanywesha wote, wanaobaki kuzaliana ni wale sugu peke yao.

Kuna mambo mawili ya kutenganisha mapema. Vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye kinyesi ni tegu; vinatisha macho lakini kwa mbuzi mkubwa madhara yake ni madogo. Na ng'ombe aliyepauka macho, ana homa, anakojoa mkojo mwekundu au amevimba tezi chini ya sikio, huyo ana ugonjwa wa kupe. Dawa ya minyoo haimsaidii. Mpigie daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Jifunze koo za dawa, zisizidi nne

Kwenye lebo tafuta mstari unaosema kila mililita moja ina miligramu ngapi za nini. Tahajia itakuwa ya Kiingereza, ila sauti ni ile ile ninayoiandika hapa.

Ukoo wa kwanza ni wa majina yanayoishia na "dazoli": albendazoli, fenbendazoli, oksifendazoli. Dawa zake nyingi ni nyeupe kama maziwa. Albendazoli huua minyoo ya kawaida, tegu, na chango wa ini aliyekomaa ikiongezwa kipimo. Isimwagwe kwa mbuzi au ng'ombe aliye kwenye mimba changa, maana yaweza kuharibu kiumbe; kama dume limekuwa na majike mwezi uliopita, chagua ukoo mwingine. Triklabendazoli ina jina la ukoo huu, lakini kazi yake ni chango wa ini tu.

Ukoo wa pili ni levamisoli. Huua minyoo ya kawaida, ukiwemo mnyonya damu, haigusi tegu wala chango wa ini. Ndiyo maana mara nyingi utaikuta imechanganywa na oksiklozanidi, ambayo huua chango aliyekomaa. Mchanganyiko huo unafaa kwa ng'ombe anayekatiwa majani kwenye vinamasi. Mbuzi wa kufungiwa mjini anayelishwa maganda na majani makavu hana haja ya kulipiwa sehemu ya chango.

Wa tatu ni wa "ektini": ivermektini, doramektini, moksidektini. Hapa ndipo pana uzushi mwingi, nami nitaurudia kwenye kupe. Ivermektini haiui tegu, haiui chango, na dawa nyingi za sindano za ukoo huu haziruhusiwi kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kuuza au kunywa. Mtu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa Bamburi asikubali sindano hiyo kabla ya kusoma sehemu ya maziwa kwenye lebo.

Wa nne ni klosanteli na wenzake, kama nitroksinili. Hizi humlenga mnyonya damu na chango. Klosanteli ni nzuri pale koo nyingine zimeshindwa, lakini ikizidishwa huharibu mshipa wa jicho na mbuzi hupofuka moja kwa moja. Usiitumie kwa kukisia uzito.

Sasa uliza: mifugo yangu imepewa ukoo gani mara za mwisho? Kama hukuandika, tazama chupa tupu zilizotupwa nyuma ya banda. Utafiti uliofanywa hapa Pwani miaka ya 1990 ulikwisha kukuta minyoo ya mbuzi na kondoo iliyostahimili zaidi ya ukoo mmoja, kwa hiyo usugu si habari ya mbali.

Hatua ya 3: Tazama nguvu ya dawa, kisha piga hesabu

Hapa ndipo mbuzi hufa mkononi mwa mwenyewe. Kemikali moja huuzwa kwa nguvu tofauti. Albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa kila mililita. Ya asilimia 10 ina miligramu 100. Mililita kumi za hii na kumi za ile ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tuchukue mfano. Mfugaji ana mbuzi saba, watatu wamepauka na mmoja kati yao amevimba taya. Chupa tatu za nyuma ya banda ni za majina matatu, zote albendazoli. Ameamua kuhamia levamisoli peke yake, isiyochanganywa.

Kwanza uzito. Kama hakuna mizani, kamba ya fundi cherehani inatosha. Mzungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mbuzi wetu ana mzunguko wa sentimita 66 na urefu wa sentimita 60: 66 × 66 × 60 ni 261,360, ukigawa unapata kilo 24 na kidogo. Wengi wakikadiria kwa macho wangesema kumi na tano, na dawa ingepungua.

Pili kipimo. Mbuzi huiondoa dawa mwilini upesi kuliko kondoo, na lebo nyingi huwaweka pamoja kana kwamba ni mnyama mmoja. Kwa levamisoli, kondoo hupewa miligramu 7.5 kwa kilo. Madaktari humwongezea mbuzi nusu tena, yaani takriban miligramu 12 kwa kilo, wasizidishe hapo. Kwa albendazoli humwongezea mara mbili ya ile miligramu 5 ya kondoo, yaani 10 kwa kilo. Kwa kuwa hivi ni vipimo vya nje ya lebo, vithibitishe na daktari wako, naye akupangie siku za kusubiri nyama na maziwa.

Tatu mililita. Kilo 24 mara miligramu 12 ni miligramu 288. Chupa ya levamisoli ya asilimia 1.5 ina miligramu 15 kwa mililita, kwa hiyo mbuzi huyu atakunywa mililita 19. Lakini ipo levamisoli ya asilimia 7.5, yenye miligramu 75 kwa mililita. Kwa hiyo mililita zisingefika hata nne. Ukiizoea ile ya kwanza, ukauziwa hii ya pili, ukampa zile zile 19, umempa mara tano ya kipimo. Levamisoli haisamehi: mbuzi hutoa udenda, hutetemeka, huhema na kuanguka ndani ya saa moja. Ndiyo maana asilimia iliyo kwenye chupa isomwe kila safari, hata kama jina halijabadilika.

Tikisa chupa mpaka sauti ya kilichoganda chini iishe. Dawa nyeupe hasa hutuama. Juu hubaki maji na chini hubaki nguvu, mbuzi wa kwanza hapati kitu na wa mwisho anapata cha wenzake. Ikiwa umetikisa na bado pana donge chini lisilovunjika, hiyo irudishe. Nywesha kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, ukiingiza pembeni mwa mdomo na kumwaga nyuma ya ulimi, kichwa kikiwa usawa. Ukikiinua sana dawa huenda mapafuni.

Hatua ya 4: Mpime muuzaji

Mzee mmoja nilimkuta dukani akiwa na kichupa chake tupu. Kijana wa kaunta akamwambia, "Hiyo imeshazoeleka, mzee wangu. Chukua hii, mpya, yatoka ng'ambo." Mzee hakubishana. "Haya mwanangu, nisomee iliyo ndani." Kijana akasoma: albendazoli, asilimia 2.5. "Na hii yangu?" Albendazoli, asilimia 2.5. Mpya ilikuwa na bei ya juu zaidi.

Swali hilo la mzee linatosha kukutenganishia wauzaji. Anayejua kazi atakusomea kemikali na asilimia bila kuchukia, kisha atakuuliza wewe: mnyama gani, ana mimba, anakamuliwa, mara ya mwisho alipewa nini. Anayeuza jina atakusifia chupa.

Kuna vya kuangalia ukutani. Anayehudumia awe amesajiliwa na KVB, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama daktari au msaidizi wa mifugo, na cheti kiwe cha mwaka huu. Duka la dawa za mifugo liwe na leseni ya VMD, Kurugenzi ya Dawa za Mifugo. Dawa za kupe zinazochanganywa na maji husajiliwa na PCPB, bodi ya viuatilifu, na chupa yake huwa na namba inayoanza na herufi PCPB. Chupa ya dawa ya kupe isiyo na namba hiyo iache, hata kama jirani amekuapia.

Kisha chupa yenyewe: muhuri wa kifuniko haujavunjwa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho zimechapwa na hazijabandikwa karatasi juu. Tazama pia ilikokaa. Mombasa dirisha la duka linalopigwa na jua la mchana ni tanuri, na lebo nyingi hutaka dawa ikae chini ya nyuzi 25 au 30. Mie dawa iliyofifia lebo kwa jua sinunui, hata ikipunguzwa bei. Dawa ya kumiminiwa kwenye chupa ya soda pia iache: haina asilimia, haina tarehe, na nyumbani kuna watoto. Kama fedha ni kidogo, nunueni chupa moja majirani wawili, mbaki na lebo.

Omba risiti yenye jina la dawa, na namba ya toleo iandike wewe mwenyewe nyuma yake. Siku dawa ikikataa kufanya kazi, bila namba hiyo huna la kumwonyesha mtu.

Hatua ya 5: Dawa ya kupe, kwa mpango ule ule

Ng'ombe wa Pwani anauawa zaidi na ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia anayependa ndani ya sikio. Kupe huyo huhitaji siku kadhaa akiwa ameng'ang'ania kabla hajaupitisha ugonjwa, na hiyo ndiyo sababu ya kunyunyizia kila wiki. Kila mwezi ni sawa na kutonyunyizia. Kila hatua ya maisha yake hunyonya kwa mnyama mwingine na kushuka, siku zake mwilini ni chache. Kwa hiyo sindano ya ivermektini haimtoshi. Sindano hiyo hufaa zaidi kwa kupe wa bluu, anayekaa kwa mnyama mmoja tangu utotoni, na kwa chawa na ukurutu wa utitiri. Anayekuuzia "sindano ya kila kitu, minyoo na kupe" amekuuzia nusu ya kila kimoja.

Kemikali utakazokuta ni za koo tatu. Amitrazi ipo peke yake. Saipamethrini, alfasaipamethrini, deltamethrini na flumethrini ni ukoo mmoja, wa "methrini". Klofenvinfosi ni ya ukoo wa fosforasi, wenye sumu kali zaidi kwa anayenyunyiza. Shika ukoo mmoja kwa muda mrefu na ubadilishe pale unapoona umeshindwa. Kurukaruka kila wiki, au kuchanganya mbili kwenye pampu moja, ni kuwafundisha kupe zote mbili kwa mpigo.

Mimi kwa wengi wa mjini naanza na amitrazi, kwa kuwa kupe huachia na kudondoka ndani ya saa chache na matokeo unayaona. Ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji: pampu ya lita 16 inataka mililita 32, ya lita 20 inataka 40. Pima kwa bomba la sindano, kifuniko cha chupa si kipimo. Ila kama una punda wa mkokoteni, amitrazi isimguse, wala asiwekwe pale dawa inapotiririka. Humfunga utumbo akafa. Na ukiwa na bwawa la samaki, kaa mbali na za "methrini", maana maji machache yakiingia humaliza samaki.

Usinunue saipamethrini ya kunyunyizia sukuma wiki ukampaka ng'ombe, hata kama kemikali ni ile ile. Kiyeyusho chake ni kingine na asilimia yake ni nyingine. Kusoma kemikali ni mwanzo. Dawa iwe imesajiliwa kwa mnyama huyo.

Ng'ombe mkubwa anataka lita nne hadi tano za mchanganyiko, alowe mpaka ngozi. Wengi hutumia lita moja, wakapiga mgongo na mbavu, kupe wakabaki salama masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja. Anzia huko, mgongo uwe mwisho. Mnywesheni maji kwanza, nyunyiza asubuhi kabla ya jua kali, siku isiyo na mvua, na mchanganyiko uliobaki usiuweke hadi kesho. Vaa glavu na uukinge uso.

Hatua ya 6: Hakikisha imefanya kazi kabla ya kulaumu dawa

Kwa kupe, rudi siku ya pili au ya tatu uangalie masikio. Kupe wadogo waliojishika karibuni si ushahidi, hao wamepanda upya. Kupe waliovimba, wanaotikisa miguu ukiwagusa, ndio walioishinda dawa. Kabla hujabadilisha ukoo, nyunyiza tena kwa kipimo sahihi na maji ya kutosha, uone.

Kwa minyoo, macho hayawahi kurudi mekundu kwa siku tatu. Damu hutaka wiki kadhaa. Kipimo cha haraka ni kinyesi. Chukua kinyesi kibichi moja kwa moja kutoka kwa mbuzi wale wale siku ya kuwanywesha, na tena siku ya 10 hadi ya 14, kikiwa kwenye mfuko safi ndani ya boksi la barafu, ukipeleke maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Mariakani au kupitia afisa wa mifugo wa kaunti. Tuseme wastani ulikuwa mayai 2,000 kwa gramu na umeshuka hadi 60: yamepungua kwa asilimia 97, levamisoli inafanya kazi. Ukishuka hadi 900 tu, yaani asilimia 55, na kipimo kilikuwa sahihi, ukoo huo umekufa bandani kwako. Chini ya asilimia 95 ni dalili ya usugu, ingawa kwa mbuzi watatu chukulia kama onyo tu, urudie na wengine.

Andika kwenye daftari: tarehe, mbuzi yupi, kemikali, asilimia, mililita, namba ya toleo, na siku ya kwanza ambayo nyama au maziwa yanaruhusiwa. Hiyo ya mwisho iwe kwa herufi kubwa ukikaribia Idi, maana mnunuzi wa mbuzi wa kuchinja hatakuuliza lini alipewa dawa, nawe ndiye unayejua.